Maoni ya rasimu ya kwanza: filamu ya karafuu, Pemba

Assalaam alaykum kaka,

Nimeitazama rasimu yote, kwanza bila kusimamisha, kisha nikirudi nyuma na kalamu mkononi. Dakika ninazotaja ni zile zinazosomeka kwenye kona ya picha. Penye nyota ni lazima. Kwengine uamuzi ni wako.

0:00–1:10. Usiguse. Ile sauti ya tawi linalovutwa kabla hatujamwona mchumaji inanishika kila mara.

* 2:14–2:52. Mpangilio umepinduka. Karafuu za kahawia, zilizokwisha kauka, zimetangulia juani, halafu ndio wanakuja akina mama wanachambua mbichi. Karafuu huchumwa na makonyo yake, huchambuliwa, makonyo yakatengwa, ndipo zikaanikwa. Kwa hivyo: kuchuma, kuchambua chini ya taa, jamvi la mbichi, mwisho kahawia. Picha zote unazo, ni kuzihamisha tu.

* 3:20. Msimulizi anataja kimbunga cha 1872 huku tunaonyeshwa mikarafuu ya Wete imesimama. Kimbunga kile kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mtazamaji ataelewa kinyume. Weka ramani ya visiwa viwili, ibaki mpaka Unguja itajwe, kisha picha ya droni ya Wete ianze pale pale anapotamka "Pemba".

* 4:40–6:05. Wenzetu walisema "katikati panalegea". Nimepatafuta. Mahojiano si marefu, ila bibi anaeleza habari ya bei mara mbili, 4:58 na 5:37. Toa ya pili, 5:37–5:51, na ufunike mkato kwa mikono yake inayochambua.

Lakini ule ukimya wa 5:22 uache kama ulivyo. Najua kwa mhariri pale panaita mkasi. Ametoka kuulizwa juu ya mwanawe aliyeanguka mkarafuuni, na zile sekunde sita ndizo jibu lake. Maneno yanayofuata hayasemi zaidi. Muziki uondoke kabisa tangu 5:15, ubaki upepo na kuku wa uani. Sasa hivi kinanda kinatuambia tuhuzunike kabla yeye hajafika huko.

* 6:30. Mzee anasema "pishi", maandishi ya chini yameandika "kilo". Pishi ni kipimo cha ujazo, si uzito, na malipo anayoyaeleza yanahesabiwa kwa pishi. Andika pishi.

7:40 na 7:48. Shamba moja, kamera mbili: majani ya pili yameingia ubuluu. Yafuatishe ya kwanza.

* 8:10. Adhana ya Alasiri imelaliwa na muziki. Haiwezi kutoka hivyo. Muziki uishe kabla ya 8:06, adhana isikike peke yake, au tumia picha ya njia ya Konde isiyo na adhana.

Naomba toleo la pili Alkhamisi. Na kama pale 5:22 unaona vyengine, nipigie baada ya Isha kabla hujakata.

Dada yako, Chake Chake