YAH: CHAKULA CHA ZAMU YA USIKU

Meneja wa Kantini,
Kiwanda cha Nguo, Morogoro.

Ndugu Meneja,

Nimekaa kantini zamu ya usiku. Saa sita wafumaji wanakula wali na mchuzi mwepesi. Ikifika saa tisa wanapanga foleni ya maandazi na soda, njaa imewauma tena, na fedha ni ya mifukoni mwao.

Napendekeza makande siku tatu kwa wiki badala ya wali huo. Mahindi na maharage vikiliwa pamoja protini zake hukamilishana, na nyuzinyuzi huchelewesha njaa. Loweka tangu asubuhi, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya: gesi tumboni itapungua. Siku nyingine iwe ugali wa dona, dagaa wa kukaanga kwa nyanya, na mchicha. Dona usiagize nyingi kwa mkupuo, huvunda haraka kuliko sembe.

Saa tisa wape uji wa dona wenye karanga za kusaga, sukari kidogo. Chai ya rangi isiandamane na mlo, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wengi wao ni kina mama.

Naomba tujaribu wiki mbili. Jumatatu nitakuja jikoni tupime vipimo na wapishi.

Wako,
Ofisa Lishe, Zahanati ya Kiwanda