Meza ya Fundi na Insha ya Ijumaa

Kwa wanasemina wangu wa Alhamisi,

Rasimu zenu 38 za insha ya kama kuna maarifa kuhusu ulimwengu yasiyotegemea hisi nimezimaliza jana usiku, tano za mwisho kwa mwanga wa mshumaa kwa sababu stima zilipotea hapa Roysambu tangu saa mbili. Maoni ya kila mtu nimeyaandika pembeni. Hapa naandika lile lililojirudia hadi kalamu ikachoka, ili mlirekebishe kabla ya Ijumaa.

Kwanza, methali. Rasimu 11 zinafungua kwa "akili ni nywele, kila mtu ana zake" kutetea urazini, msimamo kwamba baadhi ya maarifa husimama juu ya akili peke yake, na nyingine 9 kwa "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" kutetea ujarabati, msimamo kwamba maarifa kuhusu ulimwengu husimama juu ya hisi. Methali ya kwanza inasema watu hutofautiana kwa akili. Haisemi kwamba maarifa huchipuka akilini. Ya pili inahusu malezi. Zitoeni.

Pili, ndiyo kubwa, ni sentensi hii niliyoikuta karibu kila mahali kwa sura tofauti: "Warazini wanasema tunajua kwa akili, wajarabati wanasema tunajua kwa hisi, na ukweli upo katikati." Locke, mjarabati mkubwa, anatumia akili katika kila ukurasa, na anaamini hata kuwepo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa kwa hoja. Descartes, mrazini mkubwa, alipasua wanyama na kuchunguza jicho la ng'ombe ili ajue kuona kunavyofanyika. Hakuna aliyekataa macho, hakuna aliyekataa akili. Sasa wanagombania nini?

Wanagombania maswali mawili, na ninyi mmeyakoroga kama uji. Swali la kwanza: dhana zetu zilitoka wapi? La pili: nikidai kwamba najua jambo, ushahidi wangu unasimama juu ya nini? Mtoto anahitaji macho na mwalimu ili ajifunze maana ya neno "pembetatu". Hilo ni jibu la swali la kwanza. Lakini akishaelewa, hahitaji kuzunguka Nairobi nzima akipima pembetatu ndipo akubali kwamba pembe zake tatu hujumlika kuwa nyuzi 180. Hilo ni la pili. Swali la insha yenu linauliza kama kuna maarifa kuhusu ulimwengu yasiyotegemea hisi, kwa hiyo ni la pili. Aya nzima juu ya watoto wachanga haitawapa alama nyingi.

Niwape mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka jana nilikwenda Gikomba kwa fundi aliyenitengenezea kijimeza cha mraba, sentimita 60 kila upande. Nikamwambia nataka kingine cha mraba, ila uso wake uwe mara mbili ya huu. Akajibu bila kuwaza, "Basi mwalimu, tunapiga 120." Akachukua vipande vya plaiwudi vya 60 kwa 60 ili anionyeshe, akavipanga chini kwenye vumbi la randa, akanyamaza kidogo, kisha akacheka mwenyewe: vilikuwa vinne. Akasema, "Basi 90." Tukapiga hesabu kwenye simu: 90 kwa 90 ni 8,100, na nilichotaka ni 7,200. Akajikuna kichwa kwa penseli. Halafu akachora mstari katika kila kipande, kutoka kona hadi kona, ile mistari minne ikakutana na kufanya mraba uliosimama kwa pembe katikati ya vile vinne. "Kila kipande nimekikata nusu," akasema. "Nusu nne ni viwili. Ndiyo hiyo." Akapima mshazari kwa futi ya kamba: karibu 85.

Mnaomkumbuka Plato mmeshaitambua. Katika kitabu chake kiitwacho Meno, Sokrate anamuuliza mtumwa asiyesoma afanye mraba wenye eneo mara mbili ya ule wenye upande wa futi 2. Kijana anasema 4, akikosa anasema 3, mwishowe anaukuta kwenye mshazari. Fundi wangu alipita njia ileile, makosa yaleyale kwa mpangilio uleule, bila Sokrate.

Sasa mkitetea urazini, uulizeni mfano huu: fundi alijua nini pale mwisho? Aliona vipande vinne vya plaiwudi, kimoja kimepinda ukingoni. Alichojua ni kuhusu kila mraba, wa Gikomba na wa mwezini, na kwamba haiwezekani kuwa vinginevyo. Hoja hii ameiweka Leibniz, mrazini mwingine, vizuri kuliko wote: hisi hutupa mifano, na mifano hata iwe mingi vipi husema tu kwamba imekuwa hivyo, haisemi kwamba lazima iwe hivyo. Aliiandika katika kitabu cha kumjibu Locke, akakiacha kabatini Locke alipofariki 1704; kilichapishwa 1765. Ndani yake umo pia ule mfano wa marumaru: akili si karatasi tupu, ni jiwe lenye mishipa inayolielekeza kwenye umbo fulani kabla ya patasi kuligusa. Aya yenu inaweza kusomeka hivi:

"Kipimo cha fundi kilisoma karibu sentimita 85. Upande halisi ni kipeuo cha pili cha 7,200, namba ambayo haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili na ambayo hakuna futi ya kamba inayoweza kuisoma. Hata hivyo tunajua kwa hakika kwamba ndiyo. Ikiwa uhakika huu ungetoka kwenye kipimo, usingeweza kukizidi kipimo chenyewe. Kwa hiyo ushahidi wake hauko kwenye hisi, ingawa hisi ndizo zilizomfanya fundi aanze kuwaza."

Angalieni sentensi ya mwisho. Imempa mpinzani haki yake mapema, akija na "lakini alitumia macho" anakuta mlango umefungwa.

Mfano wa nta wa Descartes (1641), ambao wengi mmeukimbilia, naona ni dhaifu zaidi. Nilikuwa na mshumaa mezani jana. Nta inayeyuka, inapoteza umbo, ugumu na harufu, na bado tunasema ni nta ileile; basi, anasema, tunaijua kwa akili. Mjarabati atajibu kwamba niliiangalia ikiyeyuka hatua kwa hatua na ninakumbuka. Utumieni kama mnataka, lakini msiuegemeze ukuta mzima.

Mkitetea ujarabati, msianze na ile hoja ya Locke kwamba akili huanza kama karatasi tupu. Anzeni na Hume, mjarabati mwingine, katika kitabu chake cha 1748, na anzeni kwa kukubali. Ndiyo, fundi alijua kitu cha lazima. Lakini, anauliza Hume, ulihusu nini ule ulazima? Ulihusu uhusiano wa mawazo: mraba, nusu, mara mbili. Ukikubali maana zake, huwezi kukana tokeo. Kuhusu ulimwengu haukusema lolote. Kama plaiwudi itabeba sufuria, kama gundi itashika, kama moto utaiunguza, hakuna fikra tupu itakayokuambia. Hume anasema hata Adamu, akili yake ikiwa kamilifu tangu mwanzo, asingeweza kujua kwa kuyatazama maji tu kwamba yangemzamisha.

Kisha pigeni pale mrazini anapojiona salama, kwenye jiometria yenyewe. Hapa ndipo ningependa mkae zaidi, maana rasimu 2 tu zimepafikia. Kwa zaidi ya miaka 2,000 jiometria ya Euklidi ilionekana kuwa ukweli wa lazima juu ya nafasi tunayoishi. Mwaka 1829 mwanahisabati Lobachevsky alichapisha jiometria nyingine ambamo pembe za pembetatu hazifiki nyuzi 180, na haikuonekana kujipinga popote. Mwaka 1915 Einstein akasema nafasi iliyo karibu na vitu vizito si ya Euklidi, na 1919 wanaastronomia wakapima mwanga wa nyota unavyopinda karibu na jua wakati wa kupatwa kwake.

"Fundi alithibitisha kwamba ukianza na misingi ya Euklidi, mshazari hutoa eneo mara mbili. Kwamba mbao na nafasi ya Gikomba zinafuata misingi hiyo, hilo hakulithibitisha. Alilichukulia, na sayansi imeonyesha kwamba ni jambo la kupimwa. Penye ulazima hapana ulimwengu, na penye ulimwengu hapana ulazima."

Baada ya hapo mpeni kila mmoja nafasi ya kumjibu mwenzake, na hapa ndipo alama zilipo. Mrazini amgeukie Hume: ile kanuni yako kwamba kila maarifa ni uhusiano wa mawazo au ni jambo la uzoefu, yenyewe ni ya aina gani? Haionekani kuwa maana ya maneno tu, wala hakuna aliyeipima. Tena, kwamba kesho itafanana na jana, uzoefu hauwezi kulithibitisha bila kuzunguka duara, na Hume mwenyewe alikiri. Mjarabati naye aulize: huo mwanga wa akili mnaodai hutuonyesha ukweli, tutautofautishaje na kujiamini? Descartes alitoa kanuni 7 za miili inayogongana (1644) akiziona wazi kabisa, na nyingi zilikuwa makosa.

Kant (1781) msimtumie kama pazia la kujifichia. Hakuwagawia mrazini na mjarabati nusu kwa nusu. Alidai kuna maarifa ya lazima yanayohusu ulimwengu, lakini ulimwengu kama unavyoweza kutokea kwetu. Ukimleta, beba na gharama hiyo.

Mmoja wenu ameandika kwamba Waafrika ni wajarabati kwa sababu wazee hufundisha kwa uzoefu. Mwanafalsafa Odera Oruka, aliyefundisha hapahapa Nairobi, alitenganisha mzee anayeijua hekima ya jamii yake na mzee anayeihoji kwa hoja zake mwenyewe. Ukiwa na tofauti hiyo mkononi, hiyo sentensi haiwezi kusimama, ila swali lililo chini yake ni zuri: huyo mzee wa pili anaipima hekima kwa kipimo gani? Liandikie aya.

Kuhusu kuchagua upande: mimi naegemea kwa Hume, na sitaki mniige. Rasimu iliyonipa shida zaidi kuijibu ilikuwa ya urazini.

Nipo ofisini Jumanne kuanzia saa nane. Meza ya mraba mtaikuta pale. Uso wake ni mara mbili kamili, lakini mguu mmoja umefupika baada ya mvua za Aprili, kwa hiyo msiweke chai upande wa dirisha.