Zai, leo ndo leo

Zai shoga yangu, sabalkheri. Leo ndo siku yako ya kwanza ya kuwatembeza wageni kwenye magofu ya ule mji wa kale wa Gede, najua ushaamka kabla ya adhana na hiyo shati ya kazi ushaipiga pasi mpaka imechoka, haya vaa sasa utoke, matatu za Watamu asubuhi zajaa wanafunzi na ukingoja ya kukaa dirishani utachelewa bure.

Zile voisi zako za jana usiku nimezisikiza zote na nimecheka mpaka mume wangu akaniuliza kuna nini. Wajisomea tarehe kama mtoto wa chuoni anaogopa bakora! Tarehe unazijua wewe. Lile kaburi la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, hata mimi nimelihifadhi na sijaajiriwa Gede. Lakini wageni hawaji kusomewa, shoga, wapigie stori vile ulivowapigia watoto wa dada siku ile, ukasimama kwenye ile nyumba ukawauliza "haya, hawa watu walikuwa wakienda wapi haja?" wote wakanyooshea msituni, kisha ukawaonyesha choo cha mawe hukohuko ndani, cha miaka mia sita huko. Mpaka leo ukiwatajia Gede wanataja choo. Msikiti, jumba la sultani, vyombo vya Uchina, vyote vije baada ya hapo, watu washacheka washakuwa wako.

Na lile swali la watu wa mji ule walihamia wapi na kwa nini, hilo litakuja tu, sanasana sasa ambapo Unesco imeiingiza Gede kwenye urithi wa dunia 2024 na kila mtu anataka kujua. Usibabaike ukashika jibu moja. Wape visima vilivokuwa vikikauka wakawa wachimba chini zaidi, wape mashambulizi ya Waoromo, kisha waache wabishane wenyewe, watu wapenda kubishana. Akitokea mzee wa Kigiriama kwenye kundi mpe nafasi aseme ya mizimu ya pale, yeye ajua kuliko mimi na wewe.

Tumbili sasa. Usifungue mahamri yako nje! Nakwambia hawa hawakwapui gizani, anakuja akikutazama machoni, ashika mfuko, aenda zake juu ya mbuyu na mbaazi zako. Kula ndani na wenzako, tena ndo utajua nani mcheshi nani wa kuogopa. Viatu vaa vya kufunika, mvua ya juzi imetoa siafu.

Halafu yule mwenzio mkubwa wa zamani ukimsikia akisimulia vyengine na ulivosoma, leo nyamaza. Wiki ijayo muulize kwa adabu mkiwa wawili.

Mamako keshanipigia mara mbili ety nikuulize kama umekunywa chai. Umekunywa? Nijibu nimpoze. Jioni ukishuka stendi pitia kwangu, kuna samaki wa kupaka na nataka umbea wote, mpaka rangi ya kiti walokupa.