Orodha ya kufungasha mzigo wa meza: Jumamosi, Mbalizi

Mwanangu, mimi Ijumaa jioni nitakuwa nimeshashuka Tukuyu msibani, kwa hiyo meza ni yako na kijana wetu wa kubeba. Orodha hii ibandike nyuma ya mlango wa stoo. Kila kitu ukishakitoa nje kikate kwa kalamu, usikate kwa kukumbuka. Kirikuu kinafika hapa Uyole saa kumi na moja alfajiri, na dereva hasubiri. Kila kitu kifungwe Ijumaa usiku isipokuwa nyanya.

BIDHAA

Viazi mviringo, gunia 2. Zishonwe mdomo ukiwa bapa, zisiwekewe kofia juu. Lumbesa imekatazwa, na hata isingekatazwa mimi sitaki kuiona kwenye mzigo wetu: inamuumiza mkulima aliyetuuzia na inavunja mgongo wa anayebeba. Usivioshe. Kiazi kilichooshwa kinaoza kabla ya Jumatatu, na udongo mkavu kidogo haujawahi kumkimbiza mteja. Chagua vyenye rangi ya kijani uvitoe kabisa, visiingie hata kwenye fungu la bei ya chini, maana ni vichungu na vina sumu. Kinachovifanya kijani ni mwanga, kwa hiyo mezani weka debe moja tu na gunia lifunikwe muda wote.

Mchele wa Kyela, kilo 50. Mchele wa Mbarali, kilo 25. Kila mmoja na kiroba chake na kibao chake, na kila mmoja na kopo lake la kuchotea. Usiruhusu mtu yeyote avichanganye, hata akisema tofauti haionekani. Mteja wa Kyela ananusa kwanza ndipo anauliza bei, na akinusa kitu kingine amekwenda meza ya pili.

Maharage: Njano Uyole kilo 40, na yale mekundu kilo 20. Yapepetwe Ijumaa mchana, jua likiwapo. Chukua na ungo mdogo, kwa sababu mama wa Kinyakyusa atakupepetesha tena mbele yake, na ana haki.

Vitunguu maji, kilo 30, kwenye mfuko wa wavu. Visipandwe juu na kitu chenye unyevu.

Karoti, nusu gunia. Majani yakatwe.

Parachichi, kreti 2. Kreti ya kwanza ni magumu ya kwenda kuivia nyumbani, ya pili ni ya kula leo na kesho. Yapangwe tabaka mbili tu, na karatasi katikati. Kidole kisibonyeze tumboni. Anayetaka kujua kama limeiva, wewe mwenyewe uligusie karibu na kikonyo mbele yake. Wakiachiwa kila mtu abonyeze, saa sita mchana utakuwa na kreti ya madoa meusi.

Ndizi za kupika, mikungu 4. Kaa nazo mbali na parachichi na nyanya zilizoiva. Hewa inayotoka kwenye tunda lililoiva inaiharakisha ndizi mbichi, na sisi tunauza za kupika.

Nyanya, kreti 2. Hizi ndizo za alfajiri: zitoke ndani dakika ya mwisho, zikae juu ya mzigo, zisiwekewe kitu.

Tangawizi kilo 5, kwenye beseni.

Usiongeze kabichi. Najua jirani atakuambia zimeshuka bei shambani. Zimeshuka kwa sababu kila mtu anazo.

MEZA NA VYA KUPANGIA

Miguu ya meza (farasi) 4, mbao 5. Mbao fupi iliyopasuka ibaki.

Kichanja cha ngazi tatu cha parachichi na nyanya. Kifungwe kwa kamba kisifunguke njiani.

Chaga 2 za kuwekea magunia na viroba. Hizi ni za lazima kuliko kichanja. Chini pale kunapita maji mvua ikinyesha, na gunia likikaa ardhini linayanywa kwa chini, wewe unaona juu kukavu.

Mabeseni 6, ungo 1, masinia 3.

Kitambaa cha kijani cha kutandika mezani. Karoti na nyanya zinawaka juu yake, na maharage ya njano yanaonekana safi. Kile cha mauamaua kinamchanganya mteja, hajui atazame wapi.

Vibao vya bei 9, chaki 4, kitambaa cha kufutia. Bei usiandike nyumbani. Ukifika, zunguka soko mara moja ukiwa na mikono mitupu, uliza kama mnunuzi, ndipo urudi uandike. Andika bei ya kilo na ya nusu kilo kwenye kibao kilekile. Kuna watu wanaona haya kuuliza nusu, wanapita tu, na hao ni wateja wetu kama wengine.

Nyundo, misumari ya nchi tatu kiganja kimoja, kisu, mkasi, sindano ya kushonea magunia na uzi wake.

CHENJI

Ni shilingi 100,000, imeshahesabiwa, iko kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda changu. Ihesabu tena wewe, mbele ya bibi:

sarafu za 50: 40 (2,000)
sarafu za 100: 60 (6,000)
sarafu za 200: 50 (10,000)
sarafu za 500: 40 (20,000)
noti za 1,000: 20 (20,000)
noti za 2,000: 11 (22,000)
noti za 5,000: 4 (20,000)

Za 5,000 ni chache kwa makusudi, zitajileta zenyewe. Zinazokwisha mapema ni za 500 na za 1,000, kwa hiyo akija mtu wa kwanza na noti ya 10,000 kwa robo kilo ya tangawizi, muulize kwa upole kama ana ndogo, au lipa namba. Chenji ikikosekana usimpe mteja pipi wala kiberiti badala ya hela yake. Mpe nyanya mbili za ziada kama amekubali, au andika deni lake kwenye daftari akirudi umlipe.

Noti ya 500 ya karatasi usiipokee. Muda wa kuibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025, lakini bado zipo kwenye mikoba ya wazee wanaotoka vijijini. Mweleze vizuri, usimwaibishe mbele ya watu.

Mfuko wa kiunoni, huo ukae na wewe, usivuliwe hata unapokula. Noti za 10,000 zisikae humo. Zikifika tano, zihamishie mfuko wa ndani wa sweta. Kopo la sarafu linakaa chini ya meza katikati ya miguu yako.

Kibao cha lipa namba, simu yenye chaji, na pawabenki. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usimpe mzigo mpaka wa kwako uingie na jina ulione.

Daftari, kalamu 2, kitambulisho changu cha mjasiriamali. Ushuru wa soko ukilipa, stakabadhi ibane kwenye daftari papo hapo. Mwenye mashine akipita mara ya pili utamwonyesha.

MIFUKO

Mifuko mbadala: midogo 50, ya kati 50, mikubwa 20. Mfuko wa khaki, bunda 1, kwa tangawizi na maharage ya robo. Viroba vitupu 6 na salfeti 4 kwa wanaonunua kwa wingi. Magazeti ya kufungia parachichi.

Rambo hakuna. Zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na ile nailoni nyepesi isiyo na mikono nayo si ya kubebea. Anayekuja na kikapu chake mpunguzie kidogo au mwongezee karoti.

MIZANI

Hapa soma polepole.

Mizani ya meza yenye sahani mbili. Mawe yake: kilo 2, kilo 1, nusu, robo. Yahesabu unapofunga na uyahesabu unapofungua. Jiwe likipotea, kipimo hicho hatukiuzi siku hiyo. Usiweke betri, nati wala jiwe la barabarani badala yake, hata kama umelilinganisha.

Mizani ya kuning'iniza, kwa magunia na ndizi.

Stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu iko ubavuni. Ifunike kwa kitambaa wakati wa safari isichubuke, na mezani ielekee kwa mteja. Mizani yenyewe pia ielekee kwake, asilazimike kuinama kuona.

Sahani zifungwe kwenye kanga kuukuu, kila moja peke yake. Mawe yaingie kwenye mfuko wa turubai wenye kamba. Vyote vipande mbele kwa dereva, miguuni pako. Visirushwe nyuma na magunia: kiazi kimoja kikikaa juu ya mkono wa mizani mpaka Mbalizi, umeshaupinda.

Kabari 2 za mbao za kusawazishia meza. Ukishapanga, sahani zikiwa tupu zitazame zimetulia sawa. Zifute kila baada ya viazi, kwa sababu udongo unaobaki unalipiwa na mteja wa mchele anayefuata. Upepo ukivuma, simama upande unaotoka upepo ndipo upime. Mteja akiomba upime tena, pima tena, usikunje uso. Watu wanatoka Iwambi na kuruka meza nne kuja kwetu kwa sababu ya sahani hizi mbili, si kwa sababu ya bei.

Sado lile la bati lililobonyea libaki nyumbani.

MVUA, JUA NA BARIDI

Ni Januari: asubuhi ukungu, saa nane mchana mvua. Usidanganywe na jua la saa nne.

Turubai la bluu la mita 4 kwa 5. Limeshonwa pale lilipochanika, lakini lifungue Ijumaa ulitazame kwenye mwanga.

Mirunda 4. Miwili ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, ili maji yaende nyuma kwenye mtaro na siyo kichwani kwa mteja. Maji yakijaa katikati, sukuma kwa mti wenye kitambaa kwenye ncha, usisukume kwa ncha tupu.

Kamba ya manila, vipande 8. Mifuko 4 ya mchanga ya kukandamizia miguu.

Nailoni nzito 2, moja ya mchele, moja ya maharage. Mawingu yakishuka kutoka Mlima Mbeya, funika hivi kwanza, kabla ya mboga na kabla yako.

Mwamvuli mkubwa wa jua kwa nyanya. Radi ikianza, ufunge, muingie kwenye jengo la soko. Mzigo uliofunikwa haukimbii.

Mabuti, sweta mbili, kofia, chupa ya chai.

KUPAKIA

Viazi na viroba vya mchele chini, kisha maharage, mbao na mirunda pembeni, vitunguu, ndizi, kreti, nyanya. Turubai na kamba mwisho kabisa juu ya vyote, zifunike njiani na ziwe za kwanza kushuka. Chaga ziwe za pili. Mwambie dereva apunguze mwendo mteremko wa Mbalizi, nimeshaongea naye lakini mkumbushe.

Bei ya mchele ikikutatiza nipigie kabla ya saa nne. Baada ya hapo tutakuwa makaburini, simu nitaizima hadi saa tisa.