"Nisaidie Kutokuamini Kwangu": mahubiri ya Jumapili, Moshi

Neema na iwe kwenu na amani, zitokazo kwa Mungu Baba yetu na kwa Bwana Yesu Kristo. Amina.

Bwana Yesu asifiwe!

Neno letu ni Injili ya Marko, sura ya 9, aya ya 14 hadi 29, kama lilivyosomwa altareni. Kaeni, tafadhali. Wazee wangu walio kule nyuma, sogeeni mbele, leo nataka tuongee kifamilia.

Katika kupita kwenye jumuiya mwezi huu, swali moja limenifuata nyumba kwa nyumba. Mliouliza mtajijua wenyewe, sitamtaja mtu. "Mchungaji, kama kweli naamini, mbona sijafunguliwa?" Mama mmoja ananiambia mwenzake wa sokoni alipanda mbegu kwa mtumishi fulani, na muda si mrefu akapata bodaboda. Yeye bahasha yake hairuki Jumapili, lakini ana presha, ana mkopo wa kausha damu, na kijana wake amemaliza chuo yupo tu nyumbani. Sasa Jumatano anakwenda kule, Jumapili anarudi hapa, na akiniona njiani anavuka barabara. Mama yangu, usivuke barabara. Kilichokupeleka kule ni shida, na shida si dhambi. Nami najua kule kuna mtu anakuwekea mkono kichwani na kukutaja kwa jina, wakati sisi hapa tunasoma matangazo dakika 40 na kumalizia kwa mnada wa ndizi na kuku. Hilo nalo tulisikie.

Linalonisumbua ni lile neno unaloambiwa mwujiza usipokuja: kwamba umekwama kwa sababu imani yako ni ndogo. Hapo ndipo Marko 9 inapotuhusu.

Baba huyu amemleta mwanawe. Kijana anaanguka, anatokwa na povu, anasaga meno. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa, na umati umekusanyika wanabishana. Hebu tazameni hapo: mtoto yuko chini, wakubwa wanashindana hoja. Yesu anafika na kumwuliza baba, "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba anajibu, tangu utoto. Yesu hakumwuliza amefunga siku ngapi. Hakuchimbua laana za ukoo wala matambiko ya babu. Aliuliza kama anavyouliza daktari mzuri, au kama anavyouliza shangazi anayekupenda: haya yameanza lini, mwanangu?

Baba anasema, "Lakini ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia." Yesu anamjibu kwa aya ya 23: "Ukiweza! Yote yawezekana kwake aaminiye."

Aya hiyo mnaijua. Iko nyuma ya daladala, iko kwenye kalenda, iko kwenye mabango ya mikutano. Lakini nani amewahi kuona aya ya 24 imebandikwa kwenye gari? "Mara babaye yule kijana akapaza sauti, akasema, Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Huyu mzee hakukiri ushindi, wala hakupokea kwa jina la mtu. Alitoa yote mawili kwa sauti mbele ya watu, imani yake na mashaka yake. Na Yesu akafanya nini? Akasema, nenda kajipange, urudi imani ikikua? Akamponya mtoto. Palepale. Kwa imani ya baba ambaye nusu yake ilikuwa mashaka.

Basi wewe uliyekaa hapo ukijiuliza kama wokovu wako ni wa kweli kwa kuwa usiku unalia na asubuhi unaogopa, sikia. Mtu asiye na imani hamsumbui Mungu kwa maswali. Aliyesema "nisaidie" alikuwa tayari amemshika Yesu. Wengi wenu mlisoma Katekisimu Ndogo mkiwa kipaimara, na mkachapwa kwa kutoikariri. Mnakumbuka Luther anavyoeleza fungu la tatu la imani? Kwamba kwa akili zangu na nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia. Ni Roho Mtakatifu aliyeniita kwa Injili. Kama hata kuamini kwenyewe ni zawadi, nani amempa mtu mizani ya kupima imani yako na kukuandikia bei?

Tuliseme sasa hilo la bei. Mafundisho haya yanamgeuza Mungu kuwa VICOBA: weka hisa, subiri, mwisho wa mwaka mgawane faida. Na aya yao kubwa ni Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Naiheshimu aya hiyo, sitaifuta. Lakini isome yote. Inasema "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula cha nani? Fungua Kumbukumbu la Torati 14:28 na 29. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane alikuwa wa kupokea! Leo mjane anauza mbuzi wake wa mwisho, anapeleka "sadaka ya kujimaliza" kwa mtu mwenye walinzi. Yesu aliwaona watu wa namna hiyo, akawataja katika Marko 12:40: wanakula nyumba za wajane.

Mnamkumbuka Gehazi? 2 Wafalme 5. Naamani amepona ukoma, anataka kutoa zawadi nono. Elisha anaapa kwamba hatapokea kitu. Gehazi anamkimbilia yule mgeni kwa siri, anarudi na talanta mbili za fedha na nguo za kubadili. Ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Katika Matendo 8, Simoni anawapa mitume fedha ili apate uwezo wa Roho, na Petro anamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Mitume hawakuwa na namba ya kutumia miamala ya upako.

Nasi Walutheri tusijione wajanja. Kanisa letu lilitokana na ugomvi wa jambo hilihili. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja 95 kwa sababu watu maskini walikuwa wanauziwa vyeti vya msamaha. Ukitaka mfano wa nyumbani, mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, maelfu walipanga foleni kunywa kikombe cha shilingi 500, na aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Wagonjwa walitolewa wodini, na wengine hawakufika. Na hapa kwetu Moshi sihitaji kuwakumbusha tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo. Watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Nilisikia watu wakiwacheka marehemu, eti wajinga. Nisisikie tena maneno hayo katika usharika huu. Mtu aliyezunguka hospitali akaishiwa fedha, akakimbilia mafuta, anastahili kuliliwa.

Je, Mungu hataki tufanikiwe? Anataka ule. Katekisimu ileile, kwenye ombi la mkate wetu wa kila siku, inataja chakula, nguo, nyumba, shamba, mifugo, fedha, hata serikali njema na majirani wema. Omba kazi bila kuona haya. Omba mtaji, omba mvua, omba mtoto afaulu. Kijana ukipata gari, lilete tulishukuru pamoja. Lakini usigeuze gari kuwa cheti cha imani, maana hapo utakuwa umemhukumu Paulo. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, imo katika 2 Timotheo 4:20. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, naye Paulo akamshauri mvinyo kidogo, ushauri ambao baadhi yenu mmeushika kuliko amri zote kumi. Nani kati ya hao alipungukiwa imani?

Waebrania 11 nayo inahubiriwa nusu. Tunaambiwa waliofunga vinywa vya simba kwa imani. Endelea hadi aya ya 36 na 37: wengine walipigwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, wakazunguka wamevaa ngozi za mbuzi, wahitaji. Sura moja, imani moja.

Nawasemesha pia mliozika. Hapa ndani kuna wazazi waliombea mtoto akafa, na mtu akawanong'oneza msibani kwamba hamkuamini vya kutosha. Luther mwenyewe alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, ana miaka 13. Alimwombea, alimlilia, akafa mikononi mwake. Yule mnong'onezaji ni ukoo wa rafiki zake Ayubu, nao Mungu aliwaambia, "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ayubu ndiye aliyekuwa analalamika!

Sasa mambo ya kufanya, maana hamtakwenda nyumbani na maneno tu.

Anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV, asiache hata kidonge kimoja kwa neno la mtumishi yeyote, nikiwemo mimi. Ukihisi umepona, rudi kliniki wakupime.

Uliyeahidi mbegu kwa kusukumwa, jukwaani, watu wakipiga kelele, usikope kuitimiza. Ada ya mtoto ije kwanza. Akikutishia laana, mwambie Kristo alikwisha kuibeba, Wagalatia 3:13, kisha zima simu.

Wenye kausha damu, onaneni na kamati ya diakonia baada ya ibada. Mje na karatasi za mkopo. Tumekubaliana na wazee kwamba sehemu ya sadaka ya mavuno mwaka huu itakwenda huko kabla ya rangi ya jengo. Hatutaweza kulipa madeni yote, lakini tutakaa nawe ukiongea na mkopeshaji, na majina hayatatangazwa.

Na kuanzia Alhamisi hii, saa 11 jioni, wazee na mimi tutakuwa hapa kuombea wagonjwa na wenye mizigo, kama Yakobo 5:14 inavyosema. Tutakutaja kwa jina, tutakuwekea mikono, tutakupaka mafuta. Ni mafuta ya alizeti tu, hayauzwi, na kikapu hakitapita. Hatutaahidi utapona kufikia Ijumaa. Ukirudi wiki inayofuata bado unaumwa, hakuna atakayekuuliza kuhusu imani yako, tutaomba tena. Na wewe unayekwenda kule Jumatano, Alhamisi mlango uko wazi, na kiti cha mbele nimekuwekea.

Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, iwahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu. Amina.