Taarifa ya Daktari Anayetibu kwa Kitengo cha Madai ya Ulemavu

Kliniki ya Mifupa na Majeraha,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa,
Mtwara.

Kumb. Na. KMM/TD/14/2025

17 Februari 2025

SIRI

Mkuu wa Kitengo cha Madai ya Ulemavu,
Makao Makuu ya Kampuni ya Bima,
Dar es Salaam.

YAH: TAARIFA YA KITABIBU YA BW. S.A.M., JALADA NA. 20817, DAI NA. UL/3306

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 27 Januari 2025, uliyoniomba nijibu maswali tisa kuhusu mgonjwa wangu aliyetajwa hapo juu, mwanamume wa miaka 41.

Ridhaa yake ya maandishi nimeiambatanisha. Aliitia saini mbele yangu tarehe 12 Februari 2025, baada ya kumsomea maswali yako yote. Inaruhusu nitoe taarifa za mgongo, miguu, kibofu na shinikizo la damu, pamoja na matibabu ya nyuma yanayogusa mambo hayo, si zaidi. Jina lake kamili limo kwenye ridhaa hiyo. Humu natumia herufi za mwanzo kwa sababu barua za aina hii hupita mezani kwa watu wengi, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Katika maelezo yanayofuata nimetenganisha niliyoyaona mwenyewe, niliyoyasoma kwenye kumbukumbu za wenzangu, na aliyonieleza mgonjwa. Naomba yasichanganywe, maana uzito wake si mmoja.

Nilimpokea mgonjwa usiku wa tarehe 18 Novemba 2023 nikiwa zamu. Alieleza kuwa jioni hiyo, wakati wa kupanga magunia ya korosho ghafi ghalani, tabaka la juu liliporomoka likamwangukia mgongoni akiwa ameinama. Mwenzake aliyemleta alieleza vivyo hivyo. Mimi sikuwapo ghalani, kwa hiyo namna ajali ilivyotokea naiandika kama nilivyoelezwa. Niliyoyaona ni haya: alikuwa na fahamu zake zote, ana michubuko na uvimbe katikati ya mgongo wa chini, hawezi kuinua mguu wa kulia kitandani, na hakuwa amekojoa tangu mchana. Tulimwekea mpira wa mkojo ukatoa mililita 900. Sikusikia harufu ya pombe, na hakuna kipimo cha pombe kilichofanyika.

Picha ya eksirei ya usiku huo na ya siti skani ya kesho yake zilionyesha pingili ya kwanza ya kiuno imevunjika kwa kupasuka, na kipande cha mfupa kimesukumwa nyuma kikaziba takriban nusu ya mfereji wa uti wa mgongo. Kwa uainishaji wa kimataifa wa magonjwa jeraha hilo huandikwa S32.0. Kwa kipimo cha nguvu za misuli, ambacho humpa kila msuli alama kutoka 0 hadi 5, miguu yake miwili ilipata jumla ya alama 13 kati ya 50. Hisia za eneo la haja kubwa zilikuwapo ingawa zimepungua, na hilo lilinionyesha kuwa mawasiliano ya neva hayakukatika yote. Nilimweka daraja C katika mizani ya ASIA ya jeraha la uti wa mgongo, ambayo A ndiyo hali mbaya kuliko zote na E ni hali ya kawaida.

Tulimpa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa mujibu wa muhtasari wa kuruhusiwa alioleta, alifanyiwa upasuaji tarehe 24 Novemba 2023: mfereji uliachiwa nafasi, na pingili zikafungwa kwa skrubu na vyuma kuanzia pingili ya mwisho ya kifua hadi ya pili ya kiuno. Aliruhusiwa tarehe 9 Desemba 2023. Upasuaji huo sikuushuhudia.

Tangu tarehe 8 Januari 2024 nimemwona kliniki mara 11. Amefanya mazoezi tiba hapa, mara mbili kwa wiki katika miezi sita ya kwanza, na daftari la wenzangu wa mazoezi linaonyesha alikosa vipindi vitatu tu. Alirudi na kidonda cha mgandamizo juu ya makalio. Kilipona kufikia Machi 2024. Alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili, Aprili na Septemba 2024. Eksirei ya Agosti 2024 ilionyesha vyuma viko mahali pake na mfupa umeunga.

Hali yake nilipompima tarehe 12 Februari 2025 nataka niieleze kwa kirefu, kwa sababu fomu yako imeiachia mstari mmoja.

Mguu wa kulia: misuli ya kukunja nyonga na ya kunyoosha goti ina alama 4, ya kuinua unyayo 2, ya kuinua kidole gumba 2, ya kukanyagia 3. Mguu wa kushoto, kwa mpangilio huohuo: 5, 5, 4, 4 na 4. Jumla ni 37 kati ya 50, na daraja la ASIA sasa ni D. Tarehe 14 Agosti 2024 jumla ilikuwa 36. Unyayo wa kulia unaning'inia anapoinua mguu, hivyo huvaa kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo. Bila kifaa hicho vidole viliburuza sakafuni na alijikwaa mara mbili mbele yangu. Ana ganzi nje ya mguu wa kulia chini ya goti, na kati ya mapaja kuzunguka njia ya haja.

Alitembea mita 10 kwa sekunde 24 akitumia gongo moja na kifaa. Kwa dakika sita alikwenda mita 118, akasimama kupumzika mara mbili. Alipanda ngazi nane akishika ukingo, mguu mmoja ukifuata mwingine kwenye kila ngazi. Kuchuchumaa hakuweza. Kuinama kufikia magoti aliweza, zaidi ya hapo alishindwa kwa maumivu. Alinyanyua kilo 5 kutoka mezani bila shida. Uzito mkubwa zaidi, au kunyanyua kutoka chini, sikumjaribisha, kwa kuwa sikuona sababu ya kitabibu ya kumweka katika hatari hiyo. Alikaa kwenye kiti cha kawaida dakika 40 kabla ya kuomba kusimama. Mikono yake yote miwili ni mizima. Fahamu, kumbukumbu, kuona na kusikia ni vya kawaida. Nayasisitiza haya ya mwisho kwa sababu mtu anayesoma orodha ya kasoro peke yake hupata picha isiyo kamili ya mtu mwenyewe.

Kibofu hakijarudi katika hali yake. Hujitoa mkojo kwa mpira mara nne kwa siku, kazi anayoifanya mwenyewe vizuri na kwa usafi. Kipimo cha ultrasaundi cha siku hiyo kilionyesha mililita 180 zilizobaki baada ya kujaribu kukojoa bila mpira. Figo zote mbili zilionekana za kawaida. Anahitaji faragha, maji safi na sabuni kila anapofanya hivyo.

Kwa maelezo yake mwenyewe, maumivu ya kuchoma kwenye mguu wa kulia humwamsha usiku mara tatu au nne kwa wiki, na hawezi kukaa kwenye daladala zaidi ya dakika 45. Maumivu hayana kipimo cha maabara. Ninachoweza kusema ni kwamba aina ya maumivu anayoeleza inalingana na jeraha la neva lililoonekana kwenye picha, na kwamba maelezo yake hayajabadilika kutoka hudhurio moja hadi jingine. Anatumia amitriptilini miligramu 25 usiku, na amlodipini miligramu 5 kwa siku kwa ajili ya shinikizo la damu, aliloanza kutibiwa mwaka 2022.

Umeuliza kama alikuwa na tatizo la mgongo kabla ya ajali. Jalada letu lina hudhurio moja la wagonjwa wa nje, Machi 2021, kwa maumivu ya kiuno ya siku tano baada ya kubeba mizigo. Aliandikiwa dawa za maumivu na mapumziko ya siku tatu. Hakupigwa picha, hakuandikwa kuwa na ganzi wala udhaifu wa miguu, na hakuna hudhurio jingine la mgongo hadi Novemba 2023. Picha za 2023 hazikuonyesha uvimbe wala ugonjwa mwingine wa mfupa. Mgonjwa nilimwambia kuwa nitaliandika hudhurio hili, naye akakubali. Nisingeweza kuandika mengine yote nikaacha hili.

Kuhusu siku zijazo: baada ya jeraha la aina hii, sehemu kubwa ya nguvu zinazorudi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Sasa imepita miezi 15, na katika miezi sita ya mwisho badiliko ni alama moja. Sitarajii badiliko kubwa la nguvu za mguu wa kulia wala la kibofu. Badiliko dogo silikanushi. Ataendelea kuhitaji kliniki kila baada ya miezi mitatu, uchunguzi wa figo kila mwaka, na kifaa kipya cha mguu cha zamani kinapochakaa.

Maswali ya 6, 8 na 9 sijayajibu, na napenda sababu ijulikane wazi ili ukimya wangu usitafsiriwe kwa upande wowote. Swali la 6 linataka nithibitishe kama huu ni "ulemavu kamili wa kudumu" kwa maana ya mkataba, na la 8 kama hudhurio la 2021 ni "hali ya awali" inayoondoa fidia. Hayo ni maneno ya mkataba, na kuyatafsiri ni kazi ya wenye mkataba na mamlaka zinazohusika. Swali la 9 linataka asilimia ya ulemavu bila kutaja jedwali litakalotumika. Asilimia hubadilika kwa kufuata jedwali, na namba nitakayoitoa hewani itasomwa kama kipimo wakati si kipimo. Kwa sababu hiyohiyo sikuandika kama anaweza kufanya "kazi yoyote". Nimeandika anachoweza na asichoweza kufanya kwa mwili wake. Yeye alinieleza kuwa kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua magunia ya korosho, ambayo kwa kawaida huwa na uzito wa takriban kilo 80. Maelezo rasmi ya kazi hiyo yatoke kwa mwajiri.

Nimeambatanisha ridhaa, ripoti za picha za Novemba 2023 na Agosti 2024, nakala ya muhtasari wa Muhimbili, fomu ya alama za misuli ya tarehe 12 Februari 2025, na ukurasa wa hudhurio la Machi 2021. Swali lolote la kitabibu linalohitaji ufafanuzi nitalijibu kwa maandishi, nikiletewa kupitia hospitali na likiwa ndani ya mipaka ya ridhaa. Kwa simu sitajibu.

Nathibitisha kuwa niliyoyaandika ni kweli kwa kadiri ya ujuzi wangu na kumbukumbu zilizopo. Mgonjwa amepewa nakala ya barua hii.

Wako,

(Saini na muhuri)

Dkt. R. Chilumba
Daktari Bingwa wa Mifupa na Majeraha

Nakala: Mgonjwa; Jalada Na. 20817