Nguzo Tatu Juu ya Maji

Nguzo zenyewe zilikuwa nyeusi. Zilitoka majini, nyembamba chini, zikatanuka zikipanda hadi ukingo wa juu wa karatasi. Kati ya nguzo ya pili na ya tatu palikuwa na duara lililosuguliwa weusi mpaka nta ya krayoni ikang'aa. Chini, kwenye bluu, vitone vya njano vimetawanyika. Pembeni kushoto nyumba ya bati, mlango wazi, na ndani mtu mdogo amelala chali. Mtu huyo hakuwa na macho.

Mwalimu Tulizo aliikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili, akaishusha, akaikuza tena. Karatasi ilikuwa mgongo wa mtihani wa zamani, na namba za maswali zilionekana kwa mbali ndani ya nguzo, zimegeuka kinyume.

Alikuwa amewaambia watoto wa darasa la kwanza wachore nyumbani kwao. Walichora walichochora: maua, bendera, kuku mkubwa kuliko nyumba, jua lenye miguu. Aliwapiga picha kazi zao zote mezani kabla hawajaondoka nazo, maana mtoto akichora lazima mama akaone jioni ile ile. Za wengine alizipitia haraka. Ya Majura ilimkalisha macho usiku.

Majura alihamia shuleni hapo Igombe akitokea visiwani, upande wa Ukara. Nyumbani kwao lugha ni Kijita, na darasani alijibu kwa kichwa tu, kukubali au kukataa. Hakuwa mkorofi wala mgonjwa. Alikaa dawati la dirishani akatazama ziwa.

"Huo ni moto," alisema Mwalimu Lyimo walipokuwa wanakunywa chai ofisini. "Mtumbwi umeungua. Na huyo aliyelala, mh."

Akanyamaza, kisha akaitaja MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Labda kwao walipoteza ndugu. Tulizo aliwaza hilo kwa muda mrefu. Lakini Majura hakuwa amezaliwa mwaka ule, na kile kivuko kilipinduka, hakikuungua. Mtoto anaweza kurithi msiba kwa kusikia wakubwa wakizungumza usiku, hilo alilijua. Ila nguzo zilikuwa tatu, na zimesimama wima kwa utulivu. Mkono uliozichora haukutetemeka.

Mwalimu mkuu aliitazama mara moja tu. "Andika taarifa, tuipeleke ustawi wa jamii."

"Niandike nini, mkuu?"

"Ulichokiona."

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu hakujua ameona nini. Taarifa ikishaandikwa, afisa atafika kwa bibi wa yule mtoto na karatasi mkononi, majirani watasimama milangoni, na neno lolote alilolikisia Tulizo litakuwa limekaa kwenye faili kama jambo la kweli. Aliomba apewe hadi Jumatatu.

Yeye ni mtu wa Njombe. Amekulia kwenye baridi na mashamba ya viazi, na tangu apangiwe Mwanza alikuwa akilitazama ziwa kupitia dirisha la daladala, asubuhi akitoka Pasiansi na jioni akirudi. Jumamosi ile hakurudi kulala. Alishuka mwaloni kununua dagaa kwa Mama Kabula, aliyekuwa ameinama juu ya mchanga akiwageuza kwa ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo chagua mwenyewe, wamejaa. Giza limeingia."

"Mama, hebu nitazamie kitu."

Mama Kabula alikuwa na magamba mikononi, hivyo hakuishika simu. Aliinamisha kichwa, akakunja macho kwa sababu ya jua.

"Si wadudu hawa?"

"Wadudu?"

"Wa ziwani. Geuka."

Tulizo aligeuka. Mbali, upande ambako maji na mbingu vinagusana, nguzo ya rangi ya moshi ilikuwa imesimama juu ya ziwa, imeinama kidogo kufuata upepo. Alikwishaiona siku nyingine, akadhani ni mvua inanyesha mbali, au meli.

"Wanaishi chini matopeni," alisema Mama Kabula akiendelea kugeuza dagaa. "Mwezi ukishapotea wanapanda wote kwa pamoja, mamilioni. Upepo ukiwaleta huku unafunga mlango na kuzima taa, la sivyo unawala kwenye mboga."

"Na hili jeusi?"

"Mwezi wenyewe huo. Haupo. Na vitone ni karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na sola, ila ukiwa nchi kavu unaona vilevile. Dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikija, taa haiwavuti, mitumbwi inapandishwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kulala kwao." Akanyoosha mgongo. "Huyo mtoto kachora giza, mwalimu. Kachora vizuri sana."

"Na huyu aliyelala?"

"Huyo sasa kamuulize mwenyewe."

Jumatatu wakati wa mapumziko, Tulizo aliketi kwenye ngazi ya darasa na kumwita Majura akae kando yake. Alikuwa amejiandaa kumuuliza hii ni nini na ile ni nini. Alipomwona akisogea na mikono nyuma, maswali hayo aliyaacha.

"Giza limeingia, Majura?"

Mtoto akamtazama usoni. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, "Wadudu waliingia kwenye ugali wa bibi."

"Ukala?"

"Bibi alitoa. Mimi nikala."

Baada ya hapo alizungumza tu. Baba yuko kambini Goziba. Ataenda giza lote, atarudi mwezi ukiwa mkubwa. Akirudi huleta sangara mmoja wa nyumbani, tena huwa anamruhusu kupampu karabai ya zamani. Tulizo alitoa simu, akamwekea picha kwenye magoti.

"Huyu ndani ya nyumba ni nani?"

"Mimi."

"Mbona huna macho?"

"Nimelala, madam."

"Na mlango uko wazi usiku?"

"Umefungwa. Nimeufungua hapo ili uone." Aligusa kitanda kwa kidole. "Hiki cha baba. Akienda nalala mimi, akirudi nalala kwa bibi."

Tulizo alitaka kumshika kichwa, lakini mtoto alikuwa na kazi. Alikuwa ameikuza picha kama alivyoona mwalimu akifanya, akaivuta kushoto, akaivuta tena. Ikagoma mwisho wa picha. Akapapasa goti lake mwenyewe, kulia kwa simu, mahali ambapo picha ingeendelea.

"Baba hayumo."

"Alikuwepo?"

"Hapa. Mwenye taa ya kijani. Umemkata."

Tulizo aliangalia. Kweli, ukingo wa kulia wa karatasi haukuonekana popote, simu ilikuwa imeishia kwenye bluu.

"Kesho niletee karatasi, nitapiga tena."

Majura akatikisa kichwa. "Haitoki. Bibi ameibandika ukutani kwa uji wa muhogo."

Tulizo alipitia ofisini, akamwambia mwalimu mkuu kwamba hakuna taarifa ya kupeleka, na akamweleza sababu kuanzia kwa wadudu. Kengele ya mwisho ilipolia waliifuata wawili njia ya kwenda mwaloni. Majura alitangulia, akigeuka kila mara kumwelekeza kwamba safari hii asimame mbali na ukuta, kwa sababu mtumbwi wa baba ni mrefu.